Placide na Ampère ya Tisa

Kaka yangu Placide hagusi kitu ya courant, ya umeme, mbele hajatafuta fasi waya zinagusana. Unamuletea radio yenye imenyamaza, anaifungua, anaiangalia vile mutu anaangalia mukwe mupya: polepole, bila kucheka. Kisha anachukua craie, chaki, anaweka alama fasi yote yenye waya mbili zinakutana. "Point kwanza," anasema. "Kuhesabu inakuja nyuma."

Mimi ni Élie, nilimufuata ku tumbo, lakini uvumilivu yote ya nyumba alishaichukua yeye. Niliacha masomo ku troisième secondaire. Kukaa ku banc ilikuwa inaniwasha miguu. Yeye aliendelea mupaka institut, section électricité, première graduat, mwaka ya kwanza. Hii yenye nataka kuwaambia ilimufikia mwaka ule.

Ilikuwa vita ya pili ya inchi yetu. Rebellion ya waasi ilishashika muji, na watu wa Bukavu walishazoea kusema kidogo. Unafika ku marché ya Kadutu, unauliza bei ya samaki za sambaza, maman muuzaji anaangalia kwanza nani amesimama nyuma yako. Jirani akiweka bati mupya ku nyumba, watu wanajiuliza nani alimulipa, na juu ya kusema nini. Mutu akikosekana ku avenue, hatukuwa tunauliza kama alienda Walungu ao Shabunda. Tulikuwa tunaangalia chini.

Sisi vijana tulikuwa na woga moja yenye ilishinda zingine: barrage. Askari walikuwa wanasimamisha vijana ku njia, wanawapandisha ndani ya camion, na camion haikuwa inasema inaenda wapi. Kitu moja tu ilikuwa inasaidia, carte ya étudiant, ya mwanafunzi. Wakubwa wa institut walisikilizana na commandant wa pale kwamba mwenye carte asiguswe. Placide alikuwa anaifunga ndani ya plastiki ya sukari, anaiweka ku mufuko ya shati, upande ya roho. Mimi sikukuwa nayo. Mimi nilikuwa napita kati ya nyumba, nyuma ya vyoo, kama mbuzi ya wizi.

"Carte yako inanuka sukari," nilikuwa namuchokoza.

"Na wewe unanuka njia yenye unapitaka," ananijibu.

Sasa, pale institut kulikuwa assistant moja, mwalimu, jina Firmin. Mutu mukavu, lunettes yake ya macho ilifungwa na waya ku sikio. Watu walisema Firmin anaweza kushuku kivuli yake juu inamufuata. Lakini alikuwa na sababu. Mwaka mbele ya ule, maulizo ya interro yake, mutihani ya katikati ya mwaka, ilitoka inje na ikauzwa. Tangu pale hakutaka tena kuandika maulizo ku karatasi. Alikuwa anakuja mikono mitupu, anachora circuit yeye mwenyewe ku tableau, anatawanya wanafunzi ku mabanc, moja huku, moja kule. Saa ikiisha, mbele mutu hata moja hajasimama, anapanguza tableau yote. Hakuna kitu inabakia. Hakuna mutu angeibeba kuipelekea wengine.

Siku ile auditoire, chumba ya masomo ya kila siku, ilikamatwa na wakubwa juu ya réunion yao. Firmin akapeleka promotion yote, wanafunzi wa mwaka ule, mu atelier ya zamani, karakana nyuma ya kiwanja, fasi hakuna mwenye alishasomea. Tableau ya kule haikukuwa ubao. Ilikuwa ukuta ya ciment yenye walipaka rangi nyeusi, na upande ya kushoto rangi ilishabanduka. Placide alitumwa banc ya nyuma kabisa, ku kona. Ku kona ingine, Bintu, binti wa mutaa yetu ya Cimpunda. Kati yao, vijana wengine wawili.

Firmin akachora. Placide alinichorea baadaye ile circuit na makala ya jiko ku ukuta ya nyumba yetu, njo maana naijua. Pile, ni kusema betri, ya volts trente-six, makumi tatu na sita. Courant inatoka, inapata njia mbili. Ya juu inapita mu résistance, kizuizi ya courant, ya ohms tatu, ya chini inapita mu ya ohms sita. Kisha, katikati, waya mbili zinavukana kama mutu amefunga mikono ku kifua: ya juu inashuka, ya chini inapanda. Ukishapita pale kuko tena résistances mbili, tatu juu na sita chini. Kisha njia zinakutana, zinarudia ku pile. Ulizo: courant yote yenye inatoka ku pile iko ngapi?

Siri yote iko pale zinavukana. Kama waya zinapitana tu bila kugusana, basi kila njia iko na résistances mbili zenye kufuatana, tatu na sita, inafanya tisa. Njia mbili za tisa tisa, moja pembeni ya ingine: ni kama moja ya ine na nusu. Trente-six gawanya na ine na nusu, inatoka ampères nane. Lakini kama kuko point pale, ni kusema waya zinagusana, hesabu inageuka. Tatu na sita za kushoto zinakaa pembeni, zinafanya mbili. Zile za kuume vilevile, mbili. Mbili na mbili, ine. Trente-six gawanya na ine: ampères tisa.

Placide alitafuta point kwanza, vile kawaida yake. Akaiona. Nyeupe, ya mviringo, katikati kabisa ya ile musalaba. Akaandika tisa. Saa ikaisha, Firmin akapanguza.

Nyuma ya siku kidogo, Firmin aliingia mu auditoire na copies, karatasi zenye waliandikia, mu mukono, lakini hakuzigawa. Alisimama, akawaangalia.

"Promotion yote, huit ampères, nane. Wengine walikosa hesabu, lakini njia ilikuwa ile. Banc ya nyuma, neuf. Wote wane, tisa! Wane kwa kosa moja! Mulikuwa na kichwa moja?"

Auditoire ikacheka kidogo, kisha ikaacha.

"Asikilize mwenye anacheka. Mwaka jana nilitoa hii circuit hii. Na volts hizi. Lakini mwaka jana niliweka point pale zinavukana, na jibu ilikuwa neuf. Mwaka huu niliitosha point, sikuichora, juu nijue nani ananunuaka copies za wale wa mwaka jana. Sasa nimejua."

"Papa Assistant, point ilikuwa," Placide akasema.

"Ni mimi nilichora ao ni wewe?"

Delphin, chef de promotion, mwenye alikaaka mbele, akageuka. "Placide, mimi nilikuwa mètre moja na tableau. Point haikukuwa. Usituharibishie jina."

Firmin akanyosha mukono. "Cartes. Wane wote. Mutazipata nyuma ya conseil ya walimu, kama conseil itataka mubakie."

Njo pale Bintu alilia. Placide hakulia. Alitosha ile plastiki ya sukari mu mufuko, akatosha carte, akabakia na plastiki.

Siku ile alifika nyumbani na njia zangu, za nyuma ya vyoo. Nilimuona anatoka kati ya nyumba mbili, viatu matope, nikajua kuko kitu. Yeye hakukuwa mutu wa kupita pale.

Maman Agathe, mama yetu, alikuwa anachagua maharagi. Alisikiliza yote bila kuinua kichwa. Kisha akauliza: "Ule Bintu, haiko yeye alikuletea jibu? Binti mwenye kucheka sana, anafichaka kitu."

"Maman, Bintu alikuwa kona ingine. Hata kukohoa hangeweza."

"Mimi nauliza tu. Siku hizi kila mutu anauliza."

Na mimi, nawaambia kweli, nilimushuku. Nilifikiri: wane kwa jibu moja, na ile jibu ni ya mwaka jana? Ku Cimpunda hakuna bahati ya vile. Na mwezi ule wote Placide alikuwa anapita kwa Alphonse, mwenye alimaliza hii section mbele yake. Nilimuvuta pembeni.

"Ya Placide, niambie mimi. Alphonse alikuonyesha?"

Aliniangalia vile anaangaliaka pile yenye imekufa. "Alphonse alinifundisha kufunga moteur. Hakuna kitu ingine."

"Basi uliona wapi point?"

"Niliiona, Élie." Akachukua makala, akachora ku ukuta. "Hapa. Kubwa kama mbegu ya haragi. Kama haikukuwa, basi mimi macho imeanza kunidanganya, na fundi wa courant mwenye macho inamudanganya, afazali aende kulima."

Lakini ndani yangu nilibakia na shaka. Na ile shaka ilikuwa inanitesa kuliko woga ya camion.

Kesho yake alikuwa na ruhusa ya kuleta recours, ni kusema kujitetea mbele ya assistant. Nilimusindikiza, juu bila carte alikuwa mugeni mu njia yangu, hakujua mbwa ya nani inauma. Tulipita chini ya barrage, karibu sana. Tulisikia askari wanacheka na radio yao inapiga muziki ya Kinshasa. Placide alishika mukono yangu, yeye mukubwa, vile mutoto anashika.

Ku institut hakuna mwenye aliniuliza mimi ni nani. Nilisimama ndani, ku mulango. Firmin alishaingia, na Delphin pembeni yake kama shahidi. Bintu, naye alikuja kujitetea, alifukuzwa inje kwanza, asisikie.

Firmin akachora circuit ku tableau ya auditoire. Ubao muzuri, laini. "Tafuta courant yote."

Placide akasogea karibu. Akaangalia pale waya zinavukana. Akaangalia tena. "Hapa hakuna point. Njia mbili, kila moja ohms tisa. Ine na nusu kwa zote. Huit ampères."

Aliisema mbio. Na mimi nikafikiri: basi, imeisha, watamurudishia carte. Kumbe alijichimbia shimo.

"Eeeh!" Delphin akapiga mikono. "Assistant, unamusikia? Anajua! Jana usiku alienda kununua njia ya hesabu ya mwaka huu!"

Firmin akatosha lunettes, akapanguza. "Placide, kama ungekosa, ningesema ni mupumbavu, nimuhurumie. Lakini unajua kutofautisha. Mutu mwenye anajua hivi hawezi kuandika neuf, ila kama aliiandika mbele ya kuangalia. Uliileta ku kichwa kutoka nyumbani."

"Papa, niliandika neuf juu niliangalia."

"Ita Bintu."

Bintu akaingia, macho nyekundu. Firmin akamuuliza neno moja tu: "Uliona nini pale zinavukana?"

"Point, Papa Assistant. Nyeupe. Kama haragi."

Firmin akageuka kwa Delphin. "Haragi. Placide kwa copie yake aliandika pembeni 'point kubwa', na huyu ananiambia haragi. Walisikilizana vizuri. Hata ukubwa walisikilizana."

Pale nilielewa vile vita ilituharibu kichwa. Watu wawili wakisema maneno mbalimbali, wanadanganya. Wakisema maneno moja, wamepatana kudanganya. Ungesema nini?

Placide akasema polepole: "Papa Assistant, mimi siombi points za interro. Naomba twende mu atelier. Niketi pale niliketi. Kama sioni kitu, ubakie na carte yangu, na mimi sitakuja ku conseil kukusumbua."

Nilitaka kumuvuta shati. Nani anacheza na carte yake vile? Lakini Firmin alishasimama. Nafikiri alikuwa na hamu ya kumukamata vizuri, mbele ya watu, imalizike.

Atelier ilikuwa baridi. Ukuta ilikuwa safi, nyeusi tupu. Delphin alienda kusimama fasi yake ya mbele. "Mimi sioni point. Kuko ka tundu hapa, lakini tundu ni tundu."

"Tundu gani?" Firmin akauliza.

Placide hakusogea ku ukuta. Alienda moja kwa moja ku kona ya nyuma, akaketi. Nikamufuata, nikaketi pembeni. Na nikaiona. Ku ukuta nyeusi, katikati, kitone nyeupe. Rangi ilikuwa imevunjika pale, na ciment ya ndani, nyeupe, ilikuwa inaonekana. Kutoka pale nyuma ungeapa ni craie.

"Papa Assistant," nikasema, na mimi sikuwa na haki ya kusema, "iko."

Firmin akakaribia ukuta. "Mulitoboa lini?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ingali kali. "Mulitoboa jana?"

"Ingiza kidole," Placide akasema kutoka nyuma. "Mimi sitagusa, usiseme niliweka kitu."

Firmin akaingiza kidole. Akaikazia. Uso yake ikabadilika. Akatosha ufunguo mu mufuko, akagonga ndani ya tundu, tukasikia sauti ndogo ya chuma. Ile chuma ilipigwa mule wakati vita ya kwanza ilipita mu muji, ao baadaye, mimi sijui. Hakuna mwenye alisema ile kitu inaitwa nini. Bintu alifunga mulango ya atelier. Delphin aliangalia chini, kama sisi wote.

"Haimaanishe nilichora juu yake," Firmin akasema, lakini polepole.

Akachukua craie. Upande wa kushoto rangi ilibanduka, craie haingeshika pale, basi mukono yake ilianzia pale rangi ni nzuri, vile ilianzia siku ya interro. Akachora pile. Tatu juu, sita chini. Akaanza kushusha ile waya ya juu, na craie ikaruka. Tuliisikia: tak. Mukono yake ikasimama.

"Iliruka siku ile pia," akasema. Haikukuwa kwetu alisema. "Nilifikiri ni ciment mbaya."

Akamaliza kuchora. Kisha akatembea mupaka nyuma, akatusukuma mimi na Placide kidogo, akaketi ku banc katikati yetu, magoti yake inagusa meza juu ilikuwa fupi. Aliangalia ukuta. Akatosha lunettes, akaipanguza na shati, akairudisha, akaangalia tena.

"Neuf," akasema.

Delphin akarudi nyuma, na yeye akainama, akaangalia. "Mais non," akasema. Kisha: "Mais si." Bintu akacheka, ile kicheko maman yetu aliishuku.

Firmin alisimama, akapanguza ukuta yote na mukono, mbio, hakutafuta kitambaa. "Mwenye aliandika njia yake wazi, kwamba aliona point, atapata points zake. Ku rapport nitaweka: tableau ina kasoro. Njo yote. Hakuna mutu atauliza kasoro gani, na hakuna mutu atajibu. Delphin?"

"Ndiyo, Papa Assistant."

"Hakuna kitu ulisikia ikigonga."

"Sikusikia."

Akatosha cartes mu mufuko ya veste. Alikuwa anatembea nazo ku mwili, kama mutu mwenye hakuamini hata armoire yake. Alipomupa Placide ya kwake, hakuiachilia mara moja.

"Na kwa Alphonse, unaendeaka nini?"

Placide akashangaa, na mimi zaidi. "Moteur, Papa."

"Mm," Firmin akasema. Akaiachilia. "Interro ingine, banc ya nyuma yote mutakaa mbele. Karibu na mimi."

Siku ile Placide alipita ku njia kubwa, mimi nikapita chini, namuchungulia kati ya nyumba. Askari alimusimamisha. Akafungua plastiki ya sukari, akaangalia carte upande na upande.

"Étudiant wa nini?"

"Électricité, chef."

"Électricité!" Askari akaita wenzake. "Muone huyu! Muji yote giza, yeye anasomea courant! Iko wapi, hiyo courant yako?"

"Tungali tunaitafuta, chef."

Wakacheka, wakamuachilia. Mimi nilitoka nyuma ya choo ya mwisho, nikamungojea juu. Karibu ya nyumba nikamuambia: "Ya, nilikuwa nakushuku."

"Najua," akasema. "Ulikuwa unaniangalia kama Firmin."

Alimaliza masomo yake, yeye. Sasa watu wa Cimpunda yote wanamuletea vitu vyao: radio, fer à repasser, moteur ya kusaga muhogo. Angali anatafuta point kwanza. Lakini tangu mwaka ule aliongeza kitu moja, na wateja wanamucheka juu yake. Akishaona point, haweke alama mara moja. Anakaribia, anainama, anaigusa kwanza na kidole.